Moyo wa Fundi na Mahali pa Kuzalia

Mtaani walimwita Fundi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko nguo nyingi alizowashonea. Alikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili, mume seremala, cherehani ya kukanyaga iliyomzidi umri, na mimba ya tatu iliyokuwa inaukaribia mwezi wa tisa. Katika vyote hivyo, kitu alichokiamini bila kusita kilikuwa tepu yake ya kupimia. Mteja hudanganya, hasa likija suala la kiuno. Tepu haina cha kuficha.

Kwa hiyo miguu ilipoanza kuvimba, Fundi hakupiga kelele. Alipima. Kifundo cha mguu kilikuwa inchi tisa mwanzoni mwa mimba, kikafika kumi, kisha kumi na moja na nusu. Akafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili zake angefanya nguo ikibana: akaongeza nafasi. Alikata kamba za ndala akaziunga kwa lastiki, akafumua pindo za sketi, akaendelea na kazi. Kikohozi kilipokuja, akakilaumu kitambaa cha sare za shule, kwa sababu alikuwa na oda ya sare sitini na kila aliyewahi kukata kitambaa kile anajua kinavyotoa vumbi. Pumzi ilipoanza kumwishia kwa kuvuka tu barabara, akamlaumu mtoto kwa kukaa juu mno. Na pedali ya cherehani ilipokuwa nzito hata mguu ukagoma, alifikia uamuzi uliokuwa na mantiki kamili na makosa kamili: cherehani imekauka. Akaitia mafuta. Wiki iliyofuata akaitia tena. Mumewe alimkuta mara ya tatu, kopo mkononi, akihema.

"Mama, hiyo cherehani sasa inaelea," alisema.

"Bado nzito."

"Nzito ni wewe."

"Nani kanifanya mzito?"

Seremala akakumbuka ana ubao wa kupiga randa.

Siku ya kliniki Fundi alikwenda kituo cha afya cha mtaani, kwa mkunga ambaye kila mtu alimwita Sista Saa. Jina lilitokana na saa ndogo aliyoibandika kifuani, na tabia yake ya kuitazama saa hiyo kila alipoelezwa jambo lolote, hata salamu. Watoto wawili wa Fundi walizaliwa mikononi mwake. Wa pili aliwahi kufika kabla Sista hajamaliza kuvaa glovu, na Sista hakuwahi kumsamehe mtoto huyo utovu wa adabu.

Kituo kilikuwa na benchi moja refu, mizani ya wajawazito, mizani ya watoto, na ukuta wa rangi mbili: kijani hadi begani, nyeupe kuanzia hapo, kana kwamba jengo zima limesimama ndani ya maji. Fundi aliingia, akakaa kitini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hebu nyamaza kidogo," Sista alisema.

"Sijasema kitu."

"Nyamaza hivyohivyo."

Akaitazama saa yake dakika nzima, akihesabu pumzi. Kisha akashika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, dakika nyingine. Presha ilikuwa nzuri. Mkojo haukuwa na tatizo. Mtoto alikuwa anapiga mateke kama mtu aliyelipia nauli.

"Usiku unalalaje?"

"Nakaa."

"Nimeuliza unalalaje."

"Ndiyo hivyo, Sista. Nalala nimekaa. Nikijilaza naona kama mtu amenikalia kifuani. Nimeweka mito mitatu na gunia la vipande vya vitambaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mto ulipokuwa mmoja? Wiki tatu."

Sista Saa alimgeuza, akamwekea kipimo cha kusikilizia mgongoni, chini kabisa ya mbavu, akamwambia avute pumzi. Alisikiliza upande mmoja, kisha mwingine, kisha akarudia. Kule chini mapafu yalikuwa yanatoa sauti ndogondogo, kama mtu anayefinya chumvi ya mawe kiganjani. Akavua kipimo.

"Mwezi uliopita uliniambia unahema, nikakujibu kuhema ni kawaida ya mimba," alisema. "Ni kweli wajawazito wengi huhema, na miguu yao huvimba. Lakini mjamzito anayehema kwa kawaida hulala chini akapata usingizi. Hakohoi akijilaza, wala mapigo yake hayafiki mia na kumi na nane akiwa amekaa kitini. Nilipaswa kukuuliza hilo swali siku ile. Sikuuliza. Leo huendi nyumbani, unakwenda rufaa."

Fundi alikuwa amewahi kusikia watu wengi wakilaumu vitambaa, mashine, wateja na hali ya hewa. Hakuwa amezoea kusikia mtu mwenye sare akijilaumu mwenyewe mchana kweupe. Jambo hilo lilimtisha kuliko mapigo mia na kumi na nane, na ndilo lililomfanya apande gari la wagonjwa bila ubishi.

Hospitali ya rufaa ilikuwa mwendo wa saa mbili. Huko walimlaza ubavu wa kushoto, kichwa kimeinuliwa, wakampaka kifuani ute wa baridi, na daktari wa moyo, mwanamke mwembamba aliyeongea polepole kana kwamba anaandika, akamwonyesha picha kwenye skrini. Kipimo hicho wao walikiita eko. Fundi aliutazama moyo wake kwa mara ya kwanza. Kwa macho ya kazi yake aliona dosari papo hapo: ulikuwa umepanuka, na ulikuwa unajikunja kivivu, kama mfuko uliolegea lastiki.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, dada. Moyo mzima, kila unapopiga, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo ndani yake. Hamsini na tano kwa mia, sitini. Wako unasukuma thelathini na mbili. Inayobaki inarudi nyuma, maji yanajaa mapafuni na miguuni. Ndiyo maana unakohoa."

"Si vumbi?"

"Si vumbi."

Seremala alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Daktari, ni ile cherehani? Alikuwa anakanyaga siku nzima."

"Hapana, shemeji. Wala si kitu alichokula, wala hasira za mtu." Seremala alishusha pumzi. "Mimba yenyewe ni kazi kwa moyo. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo huisukuma kwa kasi zaidi. Mioyo mingi huvumilia. Kuna wanawake wachache, mioyo yao iliyokuwa mizima inachoka mwishoni mwa mimba, au miezi ya mwanzo baada ya kuzaa. Sababu kamili hatujaijua. Tunachojua ni kwamba wengi wakitibiwa mapema, moyo hurudi."

"Wengi," alisema Fundi.

"Wengi. Sitakwambia wote."

Wakampa dawa ya kutoa maji, na kwa siku nne Fundi aliijua njia ya kwenda msalani kuliko alivyoijua njia ya dukani kwake. Wakampa kidonge cha kupunguza mbio za moyo na sindano ya tumboni, asubuhi na jioni, ya kuzuia damu kuganda, maana damu inayozubaa ndani ya moyo mlegevu hupenda kuganda. Siku ya tano kifundo kilikuwa inchi tisa na nusu. Alikuwa amekuja na tepu. Alilala na mito miwili, akaamka akiwa bado amejilaza, jambo alilomsimulia kila muuguzi aliyepita, na wauguzi, ambao husikia mengi, walimpongeza bila kucheka.

Mtu akipata nafuu hujiona kapona. Fundi alianza kukumbuka sare sitini zilizolala mezani, arobaini na moja bado bila mikono. Akakumbuka pia kwamba hakuna aliyewahi kumzalisha isipokuwa Sista Saa. Akaanza kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama mtu anaweza kuruhusiwa akazalie kwao, ikiwa miguu haina maji tena.

Upande wa pili wa hoja alikuwepo wifi yake, dada mkubwa wa seremala, mwalimu wa shule ileile iliyoagiza sare. Wifi alikuja siku ya sita akiwa na msimamo, na msimamo wake haukuhitaji kukaa chini.

"Mpasueni," alimwambia daktari wa wazazi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Mtu ana moyo mbovu, mtamwachaje asukume mtoto? Pasueni leo, yaishe."

"Mwalimu, shikamoo," alisema yule mzee.

Wifi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka isiyopungua ishirini, alifadhaika. "Marahaba. Samahani, shikamoo wewe."

"Marahaba. Sasa tukae."

Walikaa wote kandokando ya kitanda: daktari wa wazazi, daktari wa moyo, daktari wa ganzi, ambaye alikuwa kijana mkimya mwenye kalamu nne mfukoni, seremala, wifi, na Fundi mwenyewe, aliyeanza kujiona kama yuko kwenye kikao cha bodi ya shule. Mzee wa miwani alieleza kwamba kila mtu hufikiri kama wifi, na kwamba wote hukosea kwa nia njema. Upasuaji humwaga damu nyingi, huleta uwezekano mkubwa zaidi wa damu kuganda na vidonda kuingia vijidudu, na moyo dhaifu haupendi mabadiliko ya ghafla. Kama mama ametulia na mtoto amekaa vizuri, njia ya kawaida ndiyo nyepesi kwa moyo. Upasuaji unabaki kwa sababu za uzazi, au hali ikiharibika.

"Na kusukuma?" wifi aliuliza, kwa upole sasa.

"Hatasukuma. Yaani kidogo sana. Kila uchungu ukibana, mfuko wa uzazi unakamua damu kama nusu lita kuirudisha kwenye mzunguko, na maumivu yenyewe yanaukimbiza moyo. Kwa hiyo huyu kijana atamchoma sindano ya ganzi mgongoni mapema, maumivu yapungue. Mtoto atashuka mwenyewe kwa nguvu za uchungu, na mwisho nitamvuta kwa kifaa. Ila sindano ya mgongoni haichomwi kama ile ya kuzuia kuganda bado inafanya kazi. Lazima zipishane saa kumi na mbili, tusije tukamwaga damu kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana tunapanga siku. Wiki ya thelathini na nane, Jumanne, asubuhi, tuko wote. Uchungu ukianza kwenye basi, hakuna anayejua sindano ya mwisho ilichomwa saa ngapi."

Maneno yalieleweka. Wifi alishindwa kwa hoja, kitu ambacho ndugu zake walikuwa wakikisubiri tangu utotoni, na seremala alikitazama kwa furaha iliyofichwa vibaya. Lakini Fundi alikuwa amesikia "Jumanne" na kuhesabu siku: tisa. Siku tisa kitandani, na sare ziko mezani.

Alipanga kimoyomoyo. Angeomba ruhusa ya siku mbili. Wakikataa, angesaini karatasi. Angeshona mikono ya sare, na kama uchungu ungeanza akiwa huko, basi, kituo ki jirani, na Sista ana mkono mwepesi.

Sista Saa alikuja siku tatu baadaye wakati wa kuona wagonjwa, amevaa gauni la kawaida ambalo Fundi mwenyewe alilishona miaka mitatu nyuma. Bila sare alionekana mdogo zaidi. Saa alikuwa ameibandika palepale.

"Nasikia unataka kuja kwangu."

"Nani kasema?"

"Mumeo kasema. Anajua kupiga randa, kunyamaza hajui."

Fundi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Sista, wawili wote umenizalisha wewe. Hapa sijui hata nani atanishika."

"Sawa. Nikuhesabie nilicho nacho pale kituoni. Nina kitanda kimoja cha kuzalia. Nina mtungi mmoja wa oksijeni, na leo asubuhi ulikuwa robo. Nina sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Nina mikono miwili na saa. Daktari sina. Dawa ya kutoa maji, ile ya sindano, sina, iliisha, nimeagiza." Aliongea kama anasoma orodha ya vifaa kwa mkaguzi. "Na unajua saa mbaya ni ipi? Wewe unadhani ni ya kuzaa. Ni ile inayofuata. Mtoto akitoka, mfuko unajikaza, damu yote iliyokuwa imeukalia inarudi kwenye moyo kwa mkupuo, na ule mshipa mkubwa uliokuwa umelaliwa na mimba unafunguka. Moyo wako unaletewa kazi ya watu wawili wakati ndio umechoka zaidi. Wakati huo kwangu mimi nitakuwa nimekushika mkono, naita gari. Saa mbili, Fundi. Nitakushika vizuri sana. Na utanifia."

Wodini kulikuwa na vitanda kumi na viwili, na mahali fulani mtu alikuwa anamenya chungwa. Fundi aliangalia dirisha.

"Na zile sare?"

"Wifi yako kazichukua. Anashona yeye na walimu wenzake, baada ya vipindi."

"Wifi hajui kushona!"

"Hajui. Nimeona mkono mmoja umeshonwa kwenye kola." Sista alinyanyuka. "Watoto watavaa. Kwangu usije. Ukija nitakufungia mlango, na nitalia upande wa ndani."

Fundi hakusaini karatasi yoyote. Alishinda siku zile kwa ubavu wa kushoto, akimeza alichopewa, na kila alipofikiria mkono ulioshonwa kwenye kola alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Jumatatu jioni sindano ya tumboni hawakuichoma. Jumanne asubuhi, zile saa kumi na mbili za kupishana zikiwa zimepita na ziada, walimwanzishia uchungu kwa dripu iliyohesabiwa tone kwa tone, mashine ikisoma moyo wake upande mmoja na wa mtoto upande mwingine. Kijana wa kalamu nne alichoma ganzi mgongoni kwa vipimo vidogovidogo, akisubiri, akitazama presha, akiongeza, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha mgeni. Uchungu ukawa kitu kinachotokea jirani. Fundi, aliyezaa mara mbili kwa kelele zilizosikika sokoni, aliona ajabu kukaa amejiegemeza akiulizwa kama anapendelea dirisha wazi.

Saa tisa alasiri mtoto alikuwa ameshuka. Mzee alirekebisha miwani yake ya uzi.

"Usisukume, mama."

"Sisukumi."

"Safi. Mgonjwa wa kwanza kunitii mwaka huu."

Akavuta, kwa utulivu, uchungu mmoja, wa pili, wa tatu. Msichana akatoka akiwa amekunja uso kama aliyeamshwa kwa kosa, akalia, akawekwa kifuani kwa mama yake. Dripu ya kukaza mfuko wa uzazi ikaanza polepole. Ukutani, juu ya kitanda, mtu alikuwa amebandika karatasi yenye jina la sindano nyingine ya kukaza, ile inayopandisha presha ghafla, na chini yake neno moja kwa wino mwekundu: MARUFUKU.

Dakika ishirini baadaye Fundi alijaribu kusema kitu kuhusu pua ya mtoto na pumzi haikutosha. Alijaribu tena. Kifua kilianza kubana kama zamani, kikohozi kikapanda, na namba kwenye mashine zikaanza kukimbia. Akajua saa ile imefika. Aligeuza macho kutafuta wa kumwita.

Hakukuwa na wa kumwita. Daktari wa moyo alikuwa ameshasimama kando ya kitanda. Alikuwa amesimama hapo tangu mtoto atoke, mikono nyuma. Muuguzi alimchukua mtoto. Kitanda kilinyanyuliwa hadi Fundi akawa amekaa, oksijeni ikaja usoni, sindano ya kutoa maji ikaingia mshipani kutoka kwenye sinia iliyokuwa imeandaliwa tangu asubuhi. Hakuna aliyekimbia. Daktari alishika kiganja chake.

"Ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri, dada. Ni hii tu. Pumua na mimi."

Ilichukua muda wa kupika wali. Kisha pumzi ikarudi, kidogo, halafu zaidi, na Fundi akamaliza sentensi yake: pua ni ya upande wa wifi, na hakuna cha kufanya.

Alikaa siku mbili kwenye chumba cha uangalizi maalumu, maana moyo wa aina hiyo unaweza kubadili mawazo hata mtoto akiwa ameshapewa jina. Sindano ya tumboni ikarudi. Wakamwongezea kidonge ambacho hapo kabla hakikuruhusiwa kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Sasa kiliruhusiwa, na kunyonyesha pia. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka, daktari wa moyo aliwakalisha mke na mume akawaambia wazi: mimba nyingine inaweza kuuangusha moyo tena, hata ukishapona, na safari hiyo huenda usiinuke. Njia za uzazi wa mpango zipo, ila si vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, hivyo huchochea damu kuganda.

Seremala, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akitangaza kwamba anataka watoto wa kutosha timu ya mpira na wa akiba, alikohoa.

"Kama kuna wa kukatwa mirija ya uzazi," alisema, "nikatwe mimi. Yeye ameshafanyiwa mengi."

Daktari aliandika. Fundi alimwangalia mumewe kama mtu aliyepata kitambaa cha bei kwenye gunia la vipande. Seremala alikatwa wiki ya sita, akatembea kama mfalme siku tatu, akarudi baadaye kupimwa mbegu kama alivyoambiwa, na katikati ya hapo Fundi alitumia kijiti cha mkononi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha mshono bila kukaza.

Eko ya mwezi wa tatu ilisoma arobaini na tano. Ya mwezi wa sita, hamsini na sita. Daktari wa moyo alizima taa, akawasha, akasema dawa zisiachwe mpaka yeye aseme. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza, na ikaonekana ana pengo.

Kutoka hapo Fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda kituo cha afya na mtoto mgongoni. Njia nzima alikuwa akitunga hotuba. Ilikuwa na shukrani za kutosha kila mtu: mzee wa miwani, kijana wa kalamu, dada wa pengo, wauguzi wa wodi, wifi na kola zake. Ya Sista Saa ilikuwa mwisho, ndefu kuliko zote. Alipofika akakaa kwenye benchi refu, foleni ikasogea, akaingia, na hotuba yote ikamkimbia.

"Hamsini na sita," alisema tu.

Sista Saa aliweka kalamu chini. Akaiokota. Akaiweka tena.

"Mlete huyo kwenye mizani," alisema.

Mtoto alikuwa na kilo saba na robo, na maoni makali kuhusu mizani. Sista akachukua kadi yake, akaijaza kwa mwandiko wa polepole, mstari kwa mstari: uzito, chanjo, kunyonya. Akafika kwenye mstari ambao wakunga huujaza bila kuusoma, kwa kuwa jibu kwa kawaida limekaa mbele yao. Safari hii aliusoma kwa sauti.

"Mama wa mtoto yu hai?"

Fundi alimfunga mtoto kanga taratibu, akahakikisha miguu yote miwili imo ndani.

"Yupo, Sista."

Sista Saa akaandika. Ilimchukua muda, kwa neno fupi kama lile, na nje ya mlango foleni ilianza kunung'unika.